Usubi wa Mahenge

Kabla ngozi yake haijaharibika, Obadiah Mwandoe alikuwa mtu wa kuvaa kaptula. Pale Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, watu walimjua kwa miguu yake minene ya mchimbaji na kicheko chake cha kusikika mpaka kwa jirani. Aliporudi kutoka Tanzania alikuwa amevaa suruali ndefu, na hakuivua tena mbele ya mtu. Jua liwe kali namna gani, ataonekana shambani na suruali yake nzito, na mkono mmoja nyuma ya kiuno, unakuna.

Kukuna kwake hakukuwa kule unakokujua wewe ukiumwa na mbu. Alikuna kwa kucha mpaka kucha zikaisha. Akakuna kwa gunzi la mahindi. Akasimama mlangoni akasugua mgongo kwenye mwimo wa mlango kama ng'ombe, mpaka ule mti ukawa laini na kung'aa mahali pamoja. Mkewe, Janet, alizoea kuosha shuka zenye madoa ya damu. Kisha akachoka kuzizoea.

Uchimbaji aliuanza kijana, kwenye mashimo ya mawe ya thamani kule nyikani. Mashimo ya nyumbani yalipokauka, rafiki yake Muli alimjia na habari za Mahenge, kusini mwa Tanzania, ambako watu walikuwa wakitoa jiwe jekundu linaloitwa spineli. Muli alikuwa Mkamba wa Marungu, mrefu, mwenye maneno mengi na bahati mkononi. Yeye ndiye aliyewakusanya vijana, akawavusha Taveta, akawapeleka. Kambini alikuwa ndiye mkubwa wao. Akisema leo tunachimba upande huu, wanachimba upande huo.

Kambi yenyewe ilikuwa kando ya mto ulioteremka kwa kasi kati ya mawe, maji meupe kwa povu. Hapo ndipo walipooshea changarawe wakitafuta jiwe. Obadiah alisimama ndani ya maji asubuhi na tena jua likielekea kushuka, suruali imekunjwa hadi magotini. Na saa hizo hizo ndizo walizotoka usubi, vijiinzi vyeusi, vidogo, vyenye mgongo wa kibyongo. Havikulia sikioni kama mbu. Ulihisi tu mchomo, ukiangalia chini unakuta tone la damu kwenye ugoko. Mwanzoni vijana walivipiga kwa makofi. Baadaye waliacha, kwa maana ukikiua kimoja kumi vimekaa mguu wa pili.

Wenyeji walikuwa na jina la ugonjwa unaotokana na vijiinzi hivyo, nao waliuita usubi vilevile. Kila mwaka alikuja mama mmoja wa kijijini, amejitolea, na kijiti kirefu chenye alama za kupimia watu urefu na kopo la vidonge. Urefu wako ndio uliosema umeze vingapi. Wanakijiji walipanga foleni, wakameza, wakaenda zao.

Mwaka wa kwanza mama yule alifika hadi kambini. Muli alimpokea kwa adabu, akampa maji ya kunywa, akamwambia vijana wote wako shimoni. Wote walikuwa nyuma ya turubai, wanasikia.

"Tukimeza tutaandikwa majina," Muli aliwaambia mama alipoondoka. "Wakishatuandika watauliza vibali. Nani hapa ana kibali? Halafu nimeambiwa hizo dawa zinamaliza nguvu za kiume. Mtu asiniletee matatizo."

Waliobisha hawakuwepo. Obadiah naye alicheka pamoja na wengine. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo, na mwingine, na mwingine, mpaka mama wa vidonge akaacha kupitia kambini.

Miaka ilipita hivyo, Obadiah akija nyumbani Krismasi na kurudi. Mwasho ulimwanza akiwa kulekule, ukianzia matakoni na mapajani, vipele vidogo vya kuja na kwenda. Akadhani ni maji machafu. Kisha juu ya mfupa wa nyonga ukatokea uvimbe mgumu, mviringo, kama punje ya korosho chini ya ngozi. Ukiusukuma unateleza. Hauumi. Ukaja wa pili upande wa pili, na mwingine ubavuni. Shimo lao lilipofurika maji na watu wakatawanyika, Obadiah alirudi Makwasinyi moja kwa moja, akiwa na akiba kidogo na ngozi iliyokuwa ikimla usiku na mchana.

Zahanati walimtazama wakasema ni upele. Alipewa dawa nyeupe ya kupaka, familia nzima ikapaka, nguo zikachemshwa. Janet na watoto, ambao hawakuwa wakijikuna kamwe, walinuka dawa wiki nzima. Obadiah akaendelea kukuna. Alipewa vidonge vya mzio, vikamlaza usingizi mzito wa saa mbili kisha akaamka anakuna. Alipelekwa kupimwa ukimwi, hana. Akapimwa tena baada ya miezi, hana. Lakini mtu akishaonekana mara mbili kwenye kile chumba, majibu yake hayana tena kazi. Watu wameshajijibu.

Ngozi ikabadilika. Mapajani na makalioni ikawa nene, kavu, yenye mistari kama ya mjusi. Kwenye magoko ikafanya jambo lingine: rangi ilitoka kwa vidoa, cheupe hapa, cheusi pale, mpaka miguu yote miwili chini ya goti ikawa ya madoadoa kama ya chui. Siku ambayo mama yake aliiona, Obadiah akiwa ameketi uani ameloweka miguu kwenye beseni, yule mama aligeuka. Aliingia jikoni. Jioni sahani ya Obadiah ilikuwa imewekwa peke yake, mbali na nyingine, na kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio.

"Mama, hiki ni nini?"

"Ni ili tukijue tu, mwanangu."

Alikinywea. Angefanya nini?

Kanisani benchi lake lilianza kuwa na nafasi. Neno ukoma lilitajwa, halafu likatajwa neno baya zaidi, kwamba kuna jiwe aliloliiba kwa mwenzake kule Tanzania na mwenye jiwe amemfuata na dawa za uchawi. Obadiah hakuwa ameiba jiwe la mtu. Lakini kuna siku, amelala kifudifudi akijisugua kwenye mkeka, alijiuliza kwa dhati kabisa kama huenda aliiba akasahau.

Janet alivumilia kuliko wengi ambavyo wangevumilia. Alikuwa mtu wa Mghange, milimani, mtoto wa mwalimu, na hakuwa na imani na maneno ya uchawi. Kilichomshinda kilikuwa usingizi. Kitanda kilitikisika usiku kucha, na alipohamia chini kitanda kiliendelea kulia. Obadiah alikuwa amekuwa mkali. Alimfokea mtoto kwa kuangusha kijiko. Siku moja alirusha sufuria ukutani, na sufuria ikampita mtoto mdogo karibu na sikio.

Asubuhi yake Janet alifunga nguo.

"Nawapeleka watoto kwa baba, Mghange," alisema. "Wewe tafuta matibabu. Ukipona utatuita."

"Nitafute wapi tena, Janet? Nimemaliza zahanati zote."

"Sijui, baba Alvin. Kweli sijui." Na alikuwa akilia, kwa hiyo Obadiah hakuweza hata kumkasirikia.

Baada ya hapo alibaki na mama yake na mbuzi. Mbuzi ndio waliomtia wazo. Alikuwa akiwanyunyizia dawa ya kupe, anawaona wanavyotulia baadaye, hawajikuni tena kwenye miiba. Aliitazama ile chupa. Kitu kilichomla kilikuwa chini ya ngozi yake, kinatembea, alikuwa na hakika. Zahanati walisema hakuna mdudu, lakini zahanati hawakulala ndani ya ngozi yake. Alichanganya dawa na maji, akapunguza maji kuliko ilivyoandikwa kwa sababu mtu ni mkubwa kuliko mbuzi kwa maumivu, akavua nguo nyuma ya zizi, akajipaka kwa brashi kuanzia shingoni hadi nyayoni. Vidonda vyote vya kukuna vilikuwa wazi.

Iliwaka. Halafu kwa dakika chache ilipoa, akasema asante Mungu. Halafu mate yakaanza kumjaa mdomoni, mengi, yakimtiririka kidevuni. Machozi yakafuata, na jasho, na misuli ya mapaja ikaanza kucheza yenyewe kama ngozi ya punda anayefukuza inzi. Mama yake alimkuta amelala kwenye matapishi yake, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Alipiga kelele mpaka jirani akaja na pikipiki. Wakamfunga kwa leso mgongoni mwa dereva, wakamkimbiza barabarani, na huko wakapata gari la kwenda Voi.

Hospitalini walimuosha mwili mzima kwa sabuni, wakamchoma sindano moja baada ya nyingine mpaka mate yakakauka na kifua kikafunguka. Waliandika kwamba amejaribu kujiua. Alipoweza kuzungumza alisema, "Sikutaka kufa. Nilitaka tu kuacha kuwashwa," na muuguzi akamtazama kwa macho ya mtu aliyesikia mengi.

Siku ya tatu wodini alikuja Loise, daktari wa ngozi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Wodi ilimwita kwa sababu ya ngozi iliyoungua na dawa. Alifunua shuka kuangalia mapaja, kisha akaisogeza chini zaidi. Alikuwa akiangalia magoko.

"Mzee, umezaliwa wapi?"

"Makwasinyi."

"Umekaa huko maisha yako yote?"

"Hapana, Daktari. Nimechimba mawe Mahenge. Tanzania."

Loise alivuta kiti akaketi. Mafunzo yake ya ngozi aliyafanyia Moshi, na huko alikuwa ameonyeshwa wagonjwa wenye magoko kama hayo, wa kutoka mikoa ya mito. Lakini tangu arudi Kenya hakuwa ameona hata mmoja, wala hakutarajia. Huku kwetu inzi anayeleta madoa hayo alimalizwa zamani, kabla wengi wetu hatujazaliwa, nako kulikuwa magharibi, mbali na Taita.

"Mlikaa karibu na mto? Wenye kasi?"

"Ndani yake hasa. Tuliosha changarawe."

"Kulikuwa na inzi wadogo weusi?"

Obadiah alimtazama. Hakuna mtu, kwenye zahanati zote, aliyewahi kumuuliza habari za inzi. "Usubi," alisema. "Walikuwa wanatula miguu."

Loise aliomba ruhusa, akapapasa nyonga zake kwa vidole viwili. Akaupata uvimbe wa kwanza. Akaupata wa pili. Akapanda ubavuni akaupata wa tatu, na mmoja zaidi, juu ya mfupa wa mkia, ambao Obadiah mwenyewe hakuujua.

Kipimo hakikuuma kuliko mchomo wa mwiba. Loise aliinua ngozi ya nyonga kwa ncha ya sindano, akakata kwa wembe kipande kidogo kama chembe ya chumvi, pasipo hata damu kutoka. Akakata na upande wa pili. Vipande viliwekwa kwenye matone ya maji ya chumvi, vikaachwa. Baadaye mtu wa maabara alimwita Loise, na Loise akarudi na kiti cha magurudumu.

"Njoo uone mwenyewe," alisema. "Usije ukaambiwa na mtu mwingine kwamba ni akili yako."

Obadiah aliinamia darubini. Kwanza aliona mwanga mtupu. Kisha akaona vijinyuzi, vyembamba, vyeupe, vinajikunja na kujikunjua, vinatoka kwenye kile kichembe cha ngozi yake na kusukasuka ndani ya maji. Aliinua kichwa. Alitaka kutapika na alitaka kucheka.

"Niliwaambia," alisema. "Niliwaambia wanatembea."

Loise alimweleza taratibu, hakuharakisha. Inzi aliyemuuma alimwachia vimelea. Vimelea vilikua, vikawa minyoo mirefu myembamba, ikajiviringisha pamoja kama uzi, mwili ukaizungushia ule uvimbe. Humo minyoo inaishi miaka kumi na zaidi. Jike linazaa watoto kwa maelfu, na watoto hao ndio wanaosambaa chini ya ngozi. Wanapokufa humo, mwili unapigana na mizoga yao, na vita hivyo ndivyo mwasho. Wengine huenda machoni.

"Macho?" Obadiah aliuliza.

"Macho yako tutayaangalia leo. Ndiyo maana wengine huuita upofu wa mtoni."

"Na mama yangu? Watoto? Tulilala kitanda kimoja na mke wangu."

"Hauambukizi kwa kitanda, wala sahani, wala mkono. Lazima inzi yule, na inzi yule huzaliana kwenye maji ya kasi. Kasigau hayuko. Hakuna uliyempa."

Obadiah alifikiria kile kikombe chenye uzi mwekundu.

Macho yake yalikutwa na makovu machache, lakini alikuwa bado anaona vizuri. Dawa ya kwanza ilikuwa vidonge vya ivermektini, kwa kipimo cha uzito wake, vya kumeza siku moja tu. Alipoviona mkononi mwa muuguzi alivijua. Vilikuwa vilevile vya yule mama wa kijiti. Alivishika muda mrefu mpaka muuguzi akamuuliza kama anaogopa.

"Hivi vinaua minyoo yote?" alimuuliza Loise.

"Vinaua watoto. Wazazi wanabaki kwenye uvimbe, lakini hawazai kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana huko wanavimeza kila mwaka, bila kukosa. Wewe hutarudi mtoni, kwa hiyo tutafanya zaidi. Baada ya wiki utaanza dawa nyingine, doksisaiklini, kila siku kwa wiki sita. Ndani ya mnyoo kuna bakteria anaowategemea. Tukiwaua hao, jike linakuwa tasa, na taratibu linakufa. Umeze na chakula, na usilale mara umezapo, na ujifunike jua. Na ivermektini utarudia kila nusu mwaka mpaka tuone kumetulia."

Alimwonya pia kwamba siku za mwanzo zitakuwa mbaya, kwa sababu wadudu wengi watakufa kwa pamoja. Zilikuwa mbaya. Uso ulivimba mpaka macho yakafumba, tezi za kinena zikawa kama mayai, homa ikapanda, na mwasho ukawa mara mbili ya uliompeleka kwenye chupa ya dawa ya kupe. Muuguzi alimfunga mikono kwa bendeji kama glovu. Siku hiyo Obadiah aliwalaani wote kwa Kidawida cha kwao, mmoja mmoja.

Kisha ikaja asubuhi moja alipoletewa uji, akaunywa nusu, akalala. Alilala amekaa, bakuli mkononi. Chakula cha mchana kikapita. Walipomwamsha jioni alishtuka, akajipapasa mapaja, akabaki ameweka viganja juu yake, haamini.

Alimpigia Janet simu akiwa bado wodini. Alimweleza yote: inzi, minyoo, darubini. Janet alisikiliza.

"Nashukuru Mungu," alisema mwishowe. "Nashukuru kweli, baba Alvin."

"Basi rudini."

Janet alisema watoto wameshaingia shule huko, mdogo ameacha kukojoa kitandani. Alisema anamwogopa. Si ugonjwa, alisema, ule ameshaelewa. Ni yeye. Obadiah aliondoa simu sikioni akaitazama, kana kwamba ingeweza kusema kitu kingine.

Siku ya kuruhusiwa, Loise alimuuliza swali la mwisho. "Mlikuwa wangapi kambini? Wako wapi wenzako?"

Wengi hakujua. Wengine walikuwa Wachaga, wengine Wanyamwezi, waliojiunga nao huko, wametawanyika. Ngui, kijana wa Mtito, alibaki Mahenge, alikuwa ameoa huko. Na Muli alikuwa Marungu.

Obadiah hakwenda Marungu kwa wema tu. Tangu avione vile vidonge mkononi mwa muuguzi, alikuwa akimsikia Muli ng'ambo ya turubai akimwambia yule mama kwamba vijana wako shimoni. Alikuwa ameyapanga maneno. Atamwambia kuhusu sufuria, kuhusu Mghange, kuhusu mama yake na kile kikombe. Atamwambia, wewe na vibali vyako.

Boma la Muli lilikuwa mbali na barabara, kavu, ua wa miiba umebomolewa upande mmoja na ndovu. Mkewe, Mwendwa, alikuwa akipepeta pojo. Alimtambua akasimama.

"Shemeji Obadiah. Umekonda."

"Muli yuko?"

"Yuko. Hatoki." Alishusha ungo. "Hukusikia?"

Muli alikuwa ameketi ndani kwenye kigoda, kifua wazi, akijikuna mbavu kwa kipande cha kigae. Ngozi yake ilikuwa imelegea na kukunjamana kama ya mzee wa miaka tisini, na kinenani ilining'inia hadi suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba kuizunguka. Aliposikia hatua aliinua uso. Macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na weupe, kama maji ya mchele.

"Nani?"

"Obadiah. Wa Makwasinyi."

Muli alicheka, kicheko kilekile. "Mwandoe! Njoo nikushike, maana sikuoni. Jicho la kulia lilienda kwanza, la kushoto likaona halitabaki peke yake." Alinyoosha mkono, na Obadiah akaushika. Ulikuwa mkavu kama gome. "Nimeshakwenda kwa waganga mpaka Kibwezi. Wanasema nimerogwa kwa ajili ya jiwe. Unakumbuka mimi nikiiba jiwe?"

"Hapana," Obadiah alisema. "Hukuiba."

Yale maneno aliyoyapanga aliyatafuta asiyaone. Aliketi chini, akamwambia habari zote za Voi tangu mwanzo. Mwendwa alisimama mlangoni na ungo mkononi, hakupepeta. Alipofika kwenye vidonge Obadiah alisita, na Muli, aliyekuwa mwepesi wa akili siku zote, akalisikia pengo.

"Vidonge gani hivyo?"

"Vya kumeza tu."

"Mwandoe. Ni vile vya yule mama? Wa kijiti?"

Angeweza kudanganya. Mwendwa alikuwa akimwangalia, na ilionekana angependa adanganye.

"Ndivyo," Obadiah alisema.

Muli alikiweka kigae chini. Alikaa, ameelekeza uso ukutani. Mikono yake ilianza kukuna yenyewe, mapaja, kiuno, mapaja, naye mwenyewe kama hayupo.

"Alikuja mara ngapi?" aliuliza.

"Acha, ndugu yangu."

"Mimi nilimpa maji ya kunywa," Muli alisema. "Nikamrudisha."

Walimpeleka Voi wiki hiyohiyo, Obadiah upande mmoja na Mwendwa upande wa pili. Loise hakuhitaji darubini, ingawa alipima. Daktari wa macho alimulika jicho moja, kisha lingine, akauliza tangu lini, akazima tochi. Alisema kioo cha mbele cha jicho kimekuwa kovu tupu, na nyuma yake mshipa wa kuonea umekauka. Dawa itamaliza mwasho. Macho hayatarudi.

"Hata kidogo?" Mwendwa aliuliza.

"Hata kidogo, mama. Angefika mapema ingekuwa jambo jingine."

Muli aliuliza kama anaweza kupewa vidonge sasa hivi. Alivimeza bila maji. Aliumia kama Obadiah alivyoumia, kwa kuwa alikuwa na wadudu wengi zaidi, na Obadiah akabaki Voi kwa jamaa yake ili awe akienda kumshika mikono. Muli hakumlaani mtu. Mwasho ulipokatika alilala siku nzima, na Mwendwa, aliyekuwa hajalala vizuri kwa miaka, alilala sakafuni kando ya kitanda, wauguzi wakiwaruka.

Katika siku hizo Obadiah alimtafuta Ngui kwa simu. Ilichukua muda kumpata. Ngui alifurahi, akauliza habari za nyumbani, akasema jiwe limeanza kutoka tena, warudi.

"Unawashwa?" Obadiah alimuuliza.

Ngui alicheka. "Nani hawashwi huku?"

"Na mtoto wako?"

"Mtoto naye ana vipele vyake."

Obadiah alimwambia. Alimwambia kila kitu, na Muli akaomba simu akamwambia yeye pia, kwa ukali, kama mkubwa wa kambi. Ngui akasema watu wa dawa walipita kijijini mwezi uliopita, na wao walikuwa shimoni.

"Nenda nyumbani kwake yule mama," Muli alisema. "Mtafute. Mwambie nimekutuma. Beba na mtoto, wamuone hospitalini." Ngui akasema sawa, bosi. Kama alikwenda, hawajui. Simu yake haijapatikana tangu hapo.

Obadiah alimaliza wiki zake sita. Ule uvimbe wa ubavuni umekuwa mdogo, wa nyonga bado upo. Ngozi ya mapajani imelainika kiasi, ila madoadoa ya magoko yamebaki, na Loise amemwambia hayataondoka. Mama yake aliombwa na Loise mwenyewe aje hospitalini, akaelezwa, akaitikia kwa heshima. Aliporudi alikata uzi kwenye kikombe. Sahani bado anaiosha peke yake, baada ya nyingine zote.

Likizo ya Desemba Janet aliwaleta watoto, akakaa nao siku mbili, akalala na mama mkwe. Alvin, mkubwa, alimsaidia baba kulisha mbuzi. Yule mdogo alimwangalia kwa mbali. Siku ya kuondoka Obadiah alichuchumaa ampe mkono, na mtoto akautazama ule mkono, akageuka akamtazama mama yake, kisha akautoa wake haraka, akagusa vidole vya baba, akaurudisha nyuma ya mgongo. Obadiah alimwambia asante. Wakapanda pikipiki kwenda barabarani, yeye akabaki amesimama langoni na suruali yake ndefu mpaka vumbi lilipotulia.